Umeamkaje au mmeamkaje? Salamu ya mtu mmoja na salamu ya wengi, Mtwara na Lindi

Nimezaliwa Mikindani, na kwa misimu kadhaa sasa kila ukifika wakati wa korosho nakaa kwenye mizani ya chama cha msingi huko Masasi. Kazi ya karani wa mizani ni kupima na kuandika, lakini kabla ya kupima kuna salamu, na kwa siku moja nasalimiana na watu wengi kuliko kijana wa mjini anavyosalimiana kwa mwezi mzima. Anakuja bibi peke yake na gunia moja juu ya baiskeli ya kukodi. Nyuma yake wanakuja watu sita juu ya guta, wawili kati yao rika la baba yangu na wengine wadogo kwangu. Kila mara lazima nichague: u- au m-, shikamoo au shikamooni.

Nyumbani Mikindani sikuwahi kuchagua. Mama yangu alinifundisha shikamoo kwa kila aliyenizidi, kisha mazungumzo yanaendelea kwa u-: "Shikamoo babu, umeamkaje?" Babu hakuona kasoro yoyote. Nilipofika Masasi nikakuta vijana wanamwambia mzee mmoja, aliyesimama peke yake, "Shikamoo mzee, mmeamkaje?" Siku za kwanza nilikuwa nageuka kumtafuta mtu wa pili.

Wanaosema hivyo hawajakosea hesabu. Kiyao na Kimakua, lugha zinazosemwa sana kwenye nyumba za huku, huweka nafsi ya wingi kwa mtu mmoja anayeheshimiwa. Kumwambia mkubwa kwa umoja ni kumshusha. Mtu aliyelelewa hivyo akizungumza Kiswahili anakuja na adabu yake, na m- inakuwa njia ya kuinama kwa maneno. Ndiyo maana pia utasikia "Baba wamelala" ikimaanisha baba mmoja, amelala. Kiswahili cha shuleni hakina utaratibu huo. Ndani yake u- ni ya mtu mmoja, awe mjukuu au mkuu wa mkoa, na m- ni ya wawili na zaidi.

Kwa hiyo ukiwa mbele ya mtu mmoja mkubwa una njia tatu, na zote nazisikia kila siku.

Ya kwanza ni shikamoo pamoja na u-: "Shikamoo bibi, umeamkaje?" Hii inafaa popote kutoka Mtwara mjini hadi Nachingwea, na kwa mtu usiyemjua ndiyo salama zaidi. Heshima yote imebebwa na mambo mawili: shikamoo yenyewe na jina la udugu. Ukiondoa "bibi" ukabaki na "Shikamoo, umeamkaje?" salamu inapoa. Huku kusini uchague jina la udugu kwa uangalifu. Mzee, babu, bibi na mama hazina shida, lakini "mjomba" lina uzito wake, kwa kuwa makabila mengi ya huku kwa asili yanahesabu ukoo upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Mkulima wa makamo ukimwita mjomba kwa unyenyekevu, uso wake unafunguka.

Ya pili ni shikamoo pamoja na m-: "Shikamoo bibi, mmeamkaje?" Ndani ya nyumba inayozungumza hivyo, hasa mbele ya wakwe, hii ndiyo inayosikika vizuri. Mke wangu ametoka kwenye nyumba ya Wamakua, na mama yake sijawahi kumwambia u- hata siku moja. Nje ya mazingira hayo m- inaweza kueleweka vibaya. Bibi wa Mikindani ukimwambia "mmeamkaje" atakujibu "Hatujambo, wote wazima," kisha atakueleza habari za wajukuu. Amekuelewa kuwa unaiulizia nyumba yake, wala hakuona kwamba umemheshimu yeye.

Ya tatu ni kuikwepa nafsi ya pili kabisa, na kumzungumzia mtu kwa cheo chake kama vile yupo pembeni: "Bibi ameamkaje?" "Mzee atakaa hapa?" Au kuuliza bila kumgusa mtu: "Za kuamka, bibi?" "Habari za hapa?" Mimi naipenda hii ninapokuwa sijajua nyumba inafuata desturi gani. "Za kuamka" haina umoja wala wingi, inamfaa mmoja na inawafaa kumi, na mtu akinijibu ananionyesha njia. Akisema "Nzuri, sijui ninyi huko," ingawa nipo peke yangu, najua nimeingia kwenye nyumba ya m-, au angalau anaiulizia familia yangu. Akisema "Nzuri, wewe je mwanangu?" naendelea kwa u- bila wasiwasi.

Hapo kwenye "wewe" kuna kosa ambalo nimeliona kwa makarani wengi wapya. Kitenzi cha Kiswahili kimeshabeba nafsi. "Umefika saa ngapi?" imekamilika. Ukiongeza "wewe" mbele, "Wewe umefika saa ngapi?", unakuwa unamtofautisha na wengine, na kwa mkubwa inasikika kama kidole kimeelekezwa kifuani kwake. Mdogo kwa mdogo haina neno. Mkubwa anaweza kumwambia mdogo "wewe" na likawa neno la upendo. Mdogo akimrudishia, hapana. Kama lazima umtofautishe, weka jina la udugu mahali pa kiwakilishi: "Bibi je?" badala ya "Na wewe je?" Vivyo hivyo "ninyi" kwa kundi la wazee. "Ninyi mnatoka wapi?" ni swali la mlinzi getini. "Wazee wangu, mmetokea wapi?" linauliza jambo lilelile, na watu wanajibu wakitabasamu.

Sasa kundi. Kwa maumbo yenyewe hakuna ugumu, na naweka machache tu yanayotumika kila siku:

| Kwa mmoja | Kwa wengi | Jibu |
|---|---|---|
| Shikamoo | Shikamooni | Marahaba |
| Hujambo? | Hamjambo? | Sijambo / Hatujambo |
| Habari yako? | Habari zenu? | Nzuri |
| Karibu | Karibuni | Asante / Asanteni |
| Nakusalimu | Nawasalimuni | (marahaba au salama, kwa rika) |

Ile -ni ya mwisho ndiyo inayohesabu watu. Kwenye "nawasalimuni" ina kazi ya ziada, kwa sababu "nawasalimu" peke yake ina maana mbili: nawasalimu ninyi mliopo hapa, au nawasalimu wao waliobaki nyumbani. Mbele ya mkutano ukisema "nawasalimuni" hakuna anayejiuliza. Lakini "samahani" usiiongezee kitu. Ile -ni iliyomo ndani yake imekuja na neno lenyewe kutoka Kiarabu, na maana yake ni "mimi", nisamehe mimi. Inabaki samahani kwa mmoja na kwa mia. "Samahanini" nimeisikia kwenye vikao, na kila mara kuna mzee anayemtazama msemaji mara mbili.

Ugumu wa kundi ni umri. Shikamoo ni ya mdogo kwa mkubwa, na kundi mara nyingi lina wote. Ukifika kwenye kivuli cha mkorosho wamekaa wazee watatu, rika lako wawili na vijana wanne, ukasema "Shikamooni" kwa wote, wazee wataitika marahaba, rika lako watanyamaza au watacheka chini chini, na yule kijana mtundu ataitika marahaba kwa sauti kuliko wazee. Ukisema "Hamjambo" kwa wote umewaweka wazee kwenye mstari mmoja na watoto. Hapo gawa salamu: "Wazee shikamooni. Na ninyi wengine, hamjambo?" Sehemu ya wazee itangulie, na usimame kidogo usubiri marahaba kabla ya kuendelea. Kuunganisha zote kwa pumzi moja kunawanyima wazee nafasi ya kuitika, na salamu isiyoitikiwa ni kama haijatolewa.

Waislamu wengi wa Lindi na Mtwara wana jibu jingine kwa kundi la mchanganyiko: "Asalaam aleikum." Ile "kum" ni ninyi kwa Kiarabu, wingi, na katika Kiswahili haibadiliki hata unaposalimu mtu mmoja. Haimtazami mtu umri, hivyo hata mzee anaweza kuianza kwa vijana bila kujishusha. Mafundisho ya dini nayo yameweka mpangilio wa nani aanze: mdogo kwa mkubwa, anayepita kwa aliyekaa, wachache kwa wengi. Na akiitika mmoja kutoka kundini inatosha. Mimi nikilikuta kundi kubwa ambalo najua ni la Waislamu naanza na hiyo, kisha namgeukia mkubwa wao na kumpa shikamoo yake ya peke yake, kwa umoja. Kama sijui dini zao, nagawa salamu kama nilivyoeleza.

Kuna wingi wa tatu ambao si wa heshima wala wa kuhesabu watu waliosimama mbele yako. Ni wingi wa nyumba. Ukienda kumhani mjane aliyekaa peke yake mkekani unamwambia "Poleni," kwa sababu msiba ni wa nyumba. Unamuuliza mtu mmoja njiani "Hamjambo huko?" na yeye, mmoja, anajibu "Hatujambo." Mtu anayepiga hodi peke yake anaitikiwa "Karibuni" na aliye ndani, kwa kuwa hajamwona na hawezi kujua wako wangapi. Hata tunapotaja nyumba ya kijana mmoja tunasema "nyumbani kwenu". Kwa hiyo ukisikia m- ikielekezwa kwa mtu mmoja huku kusini, usikimbilie kusema ni heshima. Inaweza kuwa heshima, inaweza kuwa nyumba yake, na inaweza kuwa kweli kuna mwenzake nyuma ambaye hujamwona.

Mimi kutotenganisha hayo kuliniletea shida mezani, msimu wangu wa kwanza. Nilikuwa nimeshaizoea m- ya Masasi na nikaipenda, nikawa nawapa wazee wote. Alfajiri moja akaja mzee mwenye kikoi cha bluu, na pembeni yake mpwa wake, kijana wa miaka ishirini na kitu. Magunia yalikuwa yameshushwa pamoja, yamepangwa ukutani. Nikasema, "Shikamoo mzee, mmeamkaje? Mmeleta magunia mangapi?" Nilikuwa namwuliza yeye. Akatazama ukutani, akajibu, "Saba." Nikapima yote saba, nikajumlisha kilo, nikaandika kwenye kitabu kwa jina lake na kukata stakabadhi moja. Akashukuru, akasogea.

Kijana hakuondoka. Alibaki amesimama pale pale, kadi yake mkononi, ananitazama kwa utulivu wa mtu anayesubiri zamu yake. Nikamwita mtu aliyefuata nyuma yake, naye hakusogea bado. Nilipomwuliza anasubiri nini akasema, "Nasubiri yangu." Magunia manne yalikuwa ya mjomba wake na matatu yalikuwa yake, yana alama ya kamba nyekundu shingoni. Mzee alijibu swali nililouliza kwa Kiswahili kama kilivyo: mmeleta, ninyi wawili, mangapi? Saba. Alikuwa sahihi kabisa. Mimi ndiye niliyetumia neno la kuhesabia kama neno la heshima.

Tulipima upya yote. Nikafuta mstari kwenye kitabu kwa kalamu moja inayoacha maandishi yasomeke, nikatia saini pembeni, mwenyekiti akatia ya kwake, stakabadhi ya kwanza ikabatilishwa na mbili mpya zikakatwa. Foleni ilisimama karibu nusu saa, na maneno niliyoyasikia nyuma nilistahili. Kama yule kijana angekuwa na haya zaidi akaondoka, fedha za magunia matatu zingeingia akaunti ya mjomba wake, na hilo ni jambo la kugombanisha watu wa nyumba moja.

Tangu siku hiyo nimetenganisha sehemu mbili za mazungumzo. Kwenye salamu natumia namna ya yule niliyenaye: akiwa mtu wa m-, namwambia "mmeamkaje" kwa moyo wote. Ikifika sehemu ya kuhesabu, kuandika jina, kutia saini, dawa za kunywa, nauli, chochote ambacho idadi ya watu inabadilisha jibu, narudi kwenye umoja na kuweka heshima mahali pengine: "Mzee, mzigo wako ni magunia mangapi? Na wa mpwa wako?" Kimilikishi kinasaidia sana hapo. "Wako" na "wenu" hazichanganyiki masikioni, na "mzee" mwanzoni inazuia umoja usiwe mkavu. Sijawahi kuona mkulima aliyechukia.

Kinyume chake pia ni kosa. Mzee akija na mkewe, ukamwambia "Umefika salama?" huku mama amesimama pale na vumbi la njia miguuni, umemfuta. Hapo m- ni ya lazima, kwa sababu ni wawili.

Na kuna jambo ambalo watu wanaochagua kati ya u- na m- hulisahau: wingi peke yake haumheshimu mtu. "Sogeeni!" ni wingi, na ni amri tupu. Nimeona askari wa mgambo akiwaambia bibi zangu "Kaeni chini!" na hakuna aliyesema amewaheshimu kwa kuwa ametia -ni. Mahali ambapo kitenzi cha Kiswahili kinabeba heshima zaidi ni kwenye ile -e ya kuomba. "Sogea" ni amri kwa mmoja, "sogeeni" ni amri kwa wengi. "Naomba usogee kidogo, bibi" na "Naomba msogee kidogo, wazee wangu" ni maombi. Ni kitenzi kilekile na miguu itasogea umbali uleule. Kama una nafasi ya kurekebisha kitu kimoja tu katika namna unavyozungumza na wakubwa, acha kuhangaika na m-, rekebisha hapo: nipe iwe "naomba unipe", njoo iwe "naomba uje", subirini iwe "naomba msubiri".

Mwili nao unasema. Msichana akipiga goti kidogo, kijana akiinamisha kichwa na kushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili, hata akikosea u- na m- anasamehewa papo hapo. Mtu akisema "shikamooni" sahihi kabisa huku macho yapo kwenye simu, hasamehewi.

Nikiulizwa na karani mpya aanze na ipi, namwambia hivi. Kwa mkubwa mmoja usiyemjua, shikamoo, jina la udugu, kisha u- au "za kuamka". Kwa mkubwa wa nyumba ya m-, m- kwenye salamu tu. Kwa wakubwa wengi, shikamooni na m- bila kufikiri mara mbili. Kwa kundi la mchanganyiko, gawa salamu na uanze na wazee. Kwa rika lako na wadogo usijisumbue, hujambo na hamjambo zinatosha, na wao kwa wao wana "mambo" na "vipi" zao ambazo hazijali nafsi.

Yule mzee wa kikoi cha bluu bado analeta korosho kwetu. Kila msimu akifika mezani mpwa wake akiwa nyuma, namwambia, "Shikamoo mzee, mmeamkaje?" Anaitika, "Marahaba, tumeamka." Kisha anainua vidole vinne, anamwelekeza mpwa wake kwa kidevu, na kijana anainua vitatu.